Kutafuta malale kwa kingamwili au kwa hadubini: ulinganisho kwa maabara za Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa anafika katika kituo cha afya kilicho pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tuseme upande wa Idodi au Pawaga, au anatoka porini huko Chunya alikokwenda kurina asali. Ana homa inayopanda na kushuka kwa siku kadhaa, kichwa kinamuuma, mwili umelegea, na kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi. Mahali alipoumwa na mbung'o pana uvimbe mwekundu, mgumu, unaouma ukiguswa. Mtaalamu wa maabara mwenye uzoefu ataanza kufikiria malale, na hapo atakabiliwa na uchaguzi: atafute kingamwili za ugonjwa katika damu, kama inavyofanyika kwa wingi Kongo, au akitafute kimelea chenyewe kwa hadubini? Na akichagua hadubini, atumie njia ipi?

Kwa ukanda wetu, jibu langu ni hadubini ikisaidiwa na mashine ya kuzungusha damu, tena kwa kurudia kipimo siku zinazofuata. Sababu ya jibu hilo haihusiani sana na bei wala upatikanaji wa vifaa. Inatokana na jinsi kimelea cha malale kinavyobadili koti lake, na ndiyo maana nitaanzia hapo kabla ya kulinganisha vipimo vyenyewe.

Koti na namna linavyobadilishwa

Tripanosoma, yaani vimelea vya malale, hawaingii ndani ya seli za mwili kujificha, kama wafanyavyo vimelea vya malaria. Huogelea waziwazi katika damu na limfu, na baadaye katika majimaji ya ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo kingamwili zinawafikia wakati wowote. Tegemeo lao kubwa ni koti la protini linalowafunika mwili mzima pamoja na mjeledi. Koti la kimelea kimoja lina molekuli takriban milioni 10, zote za protini ya aina moja, zikiwa zimesimama na kubanana kiasi kwamba kingamwili hazipati nafasi ya kutosha kushika protini nyingine zilizo chini yake, zile ambazo hazibadiliki. Keith Vickerman alilieleza koti hilo mwaka 1969 baada ya kulitazama kwa hadubini ya elektroni, na mwaka 1975 George Cross akachapisha kazi ya kuitenga na kuisafisha protini yake.

Mwili hauchelewi kulitambua koti. Katika muda wa siku kadhaa hutengeneza kingamwili zinazolishika barabara, na vimelea vinavyolivaa huangamizwa kwa wingi. Tatizo ni akiba iliyopo. Kila kimelea kina jeni za makoti na vipande vya jeni zaidi ya 2,000, ingawa sehemu kubwa ya akiba hiyo ni jeni mbovu zisizoweza kutumika jinsi zilivyo. Ili koti fulani livaliwe, jeni yake lazima iwe katika mojawapo ya vituo vichache maalumu, takriban 15, vilivyo karibu na ncha za kromosomu, na kwa wakati mmoja kituo kimoja tu ndicho kinachofunguliwa. Hivyo kimelea huvaa koti moja na kuzificha jeni nyingine zote, na mwili haupati nafasi ya kujifunza makoti mengi kwa mkupuo.

Kubadili koti hutokea kwa njia mbili kuu. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni kunakili jeni iliyokuwa imelala na kuiweka juu ya ile iliyomo katika kituo kilichofunguliwa, ili ya zamani ifutike hapo. Ya pili ni kukifunga kituo hicho na kufungua kingine chenye jeni tofauti. Ugonjwa unapoendelea kwa muda mrefu, hata zile jeni mbovu hupata kazi: vipande vyake huunganishwa na kuzaa koti ambalo halikuwemo kwenye akiba tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, matumaini kwamba mwili utayamaliza makoti yote kwa kuyajifunza moja baada ya jingine hayana msingi.

Jambo moja hueleweka vibaya hata na watu wa fani. Kimelea hakingojei kushambuliwa ndipo kibadilike. Mabadiliko hutokea yenyewe wakati vimelea vinagawanyika, iwe kingamwili zipo au hazipo, na kasi yake hutofautiana sana: katika vimelea vilivyozoeshwa maabara inaweza kuwa mara 1 katika migawanyiko milioni, lakini katika vile vilivyotoka kwa mbung'o karibuni inaweza kufika mara 1 katika 1,000 au hata zaidi. Kazi ya kingamwili ni kuchuja tu. Huwaua wenye koti la zamani, na wale wachache waliokwisha kubadili hubaki na uwanja mtupu.

Upande wa kingamwili

Kipimo kinachotegemea koti kiko katika hali ya mgambo aliyetumwa sokoni kumkamata mtu kwa kuambiwa rangi ya shati alilovaa: atafanikiwa ikiwa watu wa aina hiyo hupenda kuvaa shati hilohilo, la sivyo atawapita mlangoni.

Kwa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati, yanayosababishwa na tripanosoma aina ya gambiense, bahati imekuwa upande wa wapimaji. Vimelea hivyo vina mazoea ya kuvaa koti linalojulikana kama LiTat 1.3 mapema katika ugonjwa, na karibu kila mgonjwa hutengeneza kingamwili zake. Koti likishavuliwa, kingamwili hazitoweki pamoja nalo. Hubaki katika damu kwa muda mrefu, na ndizo zinazotafutwa. Kipimo cha CATT, kilichoanza kutumika mwaka 1978, kimejengwa juu ya hoja hiyo. Tone la damu huchanganywa kwenye kadi na vimelea vilivyokaushwa na kutiwa rangi ya samawati, vyote vikiwa na koti la LiTat 1.3, kisha kadi huzungushwa kwa dakika 5. Kingamwili zikiwepo, vimelea hivyo hushikamana na kufanya chembechembe zinazoonekana kwa macho. Baadhi ya vipimo vya haraka vya gambiense, vinavyofanana kwa umbo na vile vya malaria, huongeza koti la pili, LiTat 1.5, lakini msingi wake ni uleule.

Udhaifu wake pia unatoka kwenye koti. Huko Kameruni walipatikana gambiense wasiokuwa kabisa na jeni ya LiTat 1.3, na mgonjwa mwenye vimelea vya aina hiyo anaweza kupimwa kwa kadi na kuonekana mzima. Kwa upande wa pili, malaria au kuumwa na mbung'o wenye tripanosoma wa wanyama kunaweza kuleta jibu chanya kwa mtu asiye na malale. Kwa hiyo hata huko kadi inakofaa, mwenye jibu chanya lazima atafutiwe kimelea ndipo athibitishwe.

Malale ya kwetu husababishwa na tripanosoma aina ya rhodesiense, na hapa hakuna kipimo cha kingamwili kinachotumika vituoni. Vifaa vya gambiense havifai kwake. Ninasisitiza hili kwa sababu swali la kuagiza vipimo hivyo kwa ajili ya vituo vilivyo karibu na mapori hujirudia, na mwenye kuuliza huwa na nia njema kabisa. Lakini jibu hasi la kadi ya gambiense kwa mtu aliyeumwa na mbung'o Ruaha au Rungwa halimwambii daktari chochote, na linaweza kumfanya mgonjwa arudishwe nyumbani na ugonjwa ambao, kwa aina hii, unaweza kufika kwenye ubongo ndani ya wiki au miezi michache.

Ipo hali moja tu ya ukanda wetu ambapo kipimo cha gambiense kina nafasi. Tunduma hupitisha madereva na wafanyabiashara wengi wanaotoka Kongo, na gambiense huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila dalili kali. Mtu aliyeishi katika maeneo ya Kongo yenye ugonjwa huo, akiwa na usingizi usio wa kawaida na tezi za shingoni zilizovimba, apimwe kwa kipimo cha gambiense pamoja na hadubini. Swali la kumuuliza mgonjwa, kwa hiyo, ni mahali alipoumwa na mbung'o na si mahali anapoishi sasa.

Upande wa hadubini

Anayetafuta kimelea kwa macho hajali kimevaa koti gani. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kwa rhodesiense kuna faida ya ziada: vimelea vyake huwa vingi katika damu kuliko vya gambiense. Njia zenyewe hutofautiana kwa uwezo, na tarakimu zifuatazo ni za makadirio:

| Njia | Idadi ya chini inayoonekana, kwa mililita 1 ya damu | Inachohitaji |
|---|---|---|
| Tone la damu mbichi chini ya kifuniko | 10,000 | Hadubini tu |
| Tone nene lililotiwa rangi | 5,000 | Rangi ya Gimsa au ya Fildi, na subira |
| Mirija myembamba iliyozungushwa | 500 | Mashine ya hematokriti na umeme |
| Kuchuja kwa safu ya kemikali, kisha kuzungusha | 50 | Vifaa maalumu vya hospitali kubwa |

Tone nene lina nafasi yake ya pekee hapa kwetu, maana ndilo lililokuwa likitazamwa kwa ajili ya malaria, na wagonjwa wa malale waligunduliwa kwa njia hiyo bila mtu kuwatafuta. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vishike nafasi ya hadubini katika zahanati nyingi, mlango huo umekuwa mwembamba. Sisemi vipimo hivyo viachwe. Nasema homa isiyo na malaria kwa mtu aliyetoka porini ifuatiwe na kioo. Mtazamaji ajue pia kwamba katika tone nene umbo la kimelea huharibika wakati chembe nyekundu zinapopasuliwa, kwa hiyo atafute kiini chenye rangi nzito na nukta ndogo nyeusi pembeni yake, wala asingojee kuona mwili mzuri wenye utando wa mawimbi, ambao huonekana vizuri zaidi katika damu iliyopakwa nyembamba.

Mirija iliyozungushwa ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kituo chochote chenye mashine ya hematokriti, nayo ipo katika vituo vingi vinavyopima wingi wa damu. Damu ya kidole yenye dawa ya kuzuia kuganda huvutwa katika mirija kadhaa, upande mmoja huzibwa, kisha huzungushwa kwa dakika kama 6 hadi 8. Chembe nyekundu hushuka chini, maji ya damu hubaki juu, na katikati hujitenga mkanda mwembamba wa chembe nyeupe. Mrija hulazwa juu ya kioo, nafasi inayouzunguka hujazwa maji ili mwanga usipindishwe na ukingo wake wa duara, na jicho huelekezwa pale mkanda mweupe unapokutana na maji ya damu. Kwa ukuzaji mdogo wa mara 100 au zaidi kidogo mtazamaji hasubiri kuona umbo la kimelea. Anachokiona ni msukosuko, chembe zilizotulia zikisukumwa na kitu kinachojipinda haraka. Mrija usomwe ndani ya saa moja hivi, wala usiachwe juani au kwenye mwanga mkali wa hadubini, maana vimelea vikifa havichezi, na visipocheza havionekani kwa njia hii. Mabuu ya filaria pia hucheza hapo, ila ni marefu mara nyingi zaidi na ni rahisi kuyatofautisha.

Kwa nini jibu hasi la leo halitoshi

Hapa mabadiliko ya koti yanarudi kwa nguvu, safari hii dhidi ya hadubini. Tuchukue mrina asali wetu wa Chunya na kumfanyia hesabu ya mfano. Siku ya kilele cha homa ana vimelea 100,000 katika kila mililita ya damu. Kwa lita 5 za damu, jumla ni milioni 500. Siku hiyo hata tone bichi lingemfichua. Lakini kingamwili za koti la kwanza zimekwisha kuwa nyingi, na tuseme zinaua 999 katika kila 1,000. Baada ya siku moja au mbili wamebaki vimelea 100 kwa mililita. Tone bichi halioni kitu, tone nene halioni kitu, na hata mrija uliozungushwa unaweza kutoka mtupu. Ni safu ya kuchuja peke yake ambayo ingemkamata. Homa nayo imeshuka, mgonjwa anasema amepata nafuu, na jibu la maabara linaonekana kumuunga mkono.

Wale 100 waliobaki, hata hivyo, si wa koti la kwanza. Katika milioni 500 za mwanzo, hata kasi ndogo kabisa ya kubadilika, mara 1 katika milioni, ingetoa vimelea 500 vyenye makoti mapya katika kila mgawanyiko. Kwa kasi ya mara 1 katika 1,000 vingekuwa 500,000. Kimelea hugawanyika mara moja kwa saa 6 hivi kinapostawi. Kutoka 100 hadi 10,000 ni migawanyiko isiyozidi 7, yaani chini ya siku 2 kama hakuna kinachovizuia, na kwa kweli mwilini huchukua muda mrefu zaidi kwa kuwa baadhi hufa, na vikijazana vingine hugeuka kuwa vifupi vinene visivyogawanyika, vinavyomsubiri mbung'o avichukue.

Mawimbi hayo yalihesabiwa zamani. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson walichapisha hesabu za kila siku za vimelea katika damu ya mgonjwa mmoja aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Vimelea vilipanda na kushuka kwa mzunguko wa wiki moja hivi. Mgonjwa huyohuyo ndiye aliyetoa vimelea ambavyo Stephens na Fantham walivitambulisha mwaka huo kwa jina la rhodesiense.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba mgonjwa anayeshukiwa apimwe siku homa imepanda, na akitoka hasi arudiwe kwa siku kadhaa mfululizo, bila kupewa miadi ya wiki ijayo ambayo inaweza kuangukia bonde jingine la wimbi. Maji maji yaliyofyonzwa kwenye kile kidonda cha kuumwa nayo yatazamwe, kwa sababu vimelea huweza kuonekana hapo kabla ya kujaa katika damu.

Njia ya tatu: kutafuta jeni

Hospitali kubwa ya rufaa au maabara ya utafiti inaweza kutafuta jeni ya SRA, na njia hii ina hoja nzuri inayotokana na koti lenyewe. Damu ya binadamu ina protini inayoua tripanosoma wa kawaida wa ng'ombe. Rhodesiense huikwepa kwa SRA, ambayo kiasili ni jeni ya koti iliyopunguzwa na kugeuzwa kazi, na inakaa ndani ya mojawapo ya vile vituo vya makoti. Ili kuishi ndani ya mtu, kimelea hulazimika kukiacha wazi kituo hicho, ingawa bado kinaweza kunakili koti jipya na kuliingiza humohumo. Kwa hiyo koti linabadilika na SRA inabaki. Kipimo chake hutofautisha kimelea cha mtu na ndugu yake wa ng'ombe ambaye chini ya hadubini hana tofauti yoyote naye, jambo lenye manufaa makubwa kwa anayechunguza mifugo inayolishwa kando ya mapori. Ila jeni hiyo ni nakala moja tu kwa kila kimelea, hivyo vimelea vikiwa vichache sana inaweza kukosekana, na majibu yake huchelewa. Simshauri mtu amsubirishe mgonjwa kwa ajili yake.

Nani achague nini

Zahanati yenye hadubini bila umeme wa uhakika itumie tone bichi na tone nene, siku ya homa, na imtume mgonjwa mbele mapema ikiwa historia yake inatia shaka. Kituo cha afya chenye mashine ya hematokriti kianze na mirija iliyozungushwa, kiweke na tone nene pembeni kama kumbukumbu inayoweza kusomwa na mtu wa pili. Hospitali ya mkoa yenye uwezo wa safu ya kuchuja iitumie kwa yule ambaye mirija imemtoa hasi mara kwa mara lakini dalili zinaendelea. Kipimo cha kingamwili kibaki kwa msafiri wa Kongo.

Kimelea kikionekana, matibabu yasingoje. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, feksinidazoli ya kumeza kwa siku 10 pamoja na chakula ndiyo chaguo la kwanza la rhodesiense kwa mwenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito wa kilo 20 na kuendelea, kwa hatua zote mbili za ugonjwa. Kwa mtoto aliye chini ya hapo, majimaji ya uti wa mgongo bado hupimwa ili kuchagua kati ya suramini na melarsoproli. Na mgonjwa atakaporudi kuangaliwa baada ya dawa, afuatiliwe tena kwa kimelea na dalili, maana kingamwili za makoti aliyopambana nayo zitaendelea kuwemo katika damu yake hata baada ya vimelea vyote kufa.